Mgeni Amelipa Sh3,500 kwa Tili: Zako ni Ngapi?

Saa tatu usiku simu yako inalia. Mgeni wa chumba namba 4 amelipa Sh3,500, pesa imeingia kwa tili, jina lake limetokea, mambo ni shwari. Unamkabidhi ufunguo na taulo, unarudi kukaa.

Sasa jiulize: kati ya hizo Sh3,500, zako ni ngapi?

Wenye gesti wengi hujibu, "Zote." Wengine hutoa kamisheni ya mtandao, wakatoa na ada ya tili, kisha wakasema kilichobaki ni chao. Lakini kama gesti yako imesajiliwa kwa ushuru wa ongezeko la thamani, yaani VAT, na pia inalipa tozo ya utalii, pesa yako halisi kwa usiku huo ni Sh2,966. Zile Sh534 zingine umeshikishwa tu. Mgeni amekupa uzifikishe kwa wenyewe, na wenyewe watazidai mwezi ujao.

Leo tunataka kuzifuatilia hizo Sh534: zinatoka wapi, zinapigiwa hesabu juu ya pesa gani, na kwa nini taarifa ya tili peke yake haiwezi kukuambia ni ngapi. Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: gesti ya vyumba 8 pale Diani, inayomilikiwa na mama mmoja, na mpwa wake wa kike ndiye anayeshika daftari. Kila chumba ni Sh3,500 kwa usiku, kiamsha kinywa ndani.

Milioni 5 si mbali kama unavyodhani

Tuanze na VAT. Sheria inasema ukiuza bidhaa au huduma zinazotozwa VAT za thamani ya Sh5 milioni au zaidi katika miezi 12, au ukitarajia kufika hapo, lazima ujisajili. Una siku 30 za kuomba usajili tangu ufikishe kiwango hicho. Kiwango cha VAT ni asilimia 16.

"Milioni 5? Hiyo ni ya mahoteli makubwa, si sisi," mama yetu wa Diani alikuwa akisema. Mpwa wake akachukua kalamu.

"Shangazi, tuko na vyumba 8. Tuseme nusu tu vinalala watu, vinne kila siku. Kwa mwezi wa siku 30 hiyo ni usiku 120. Mara 3,500 ni laki nne na elfu ishirini. Zidisha kwa miezi 12."

Jibu ni Sh5,040,000. Gesti ya vyumba 8, nusu ya vyumba ikiwa mitupu, tayari imevuka.

Na hiyo miezi 12 haingoji Januari ianze. Ni miezi 12 yoyote inayofuatana. Ukihesabu kuanzia Septemba hadi Agosti unaweza kukuta umevuka, hata kama ukihesabu Januari hadi Desemba hujafika. Njia rahisi ni kila mwisho wa mwezi kujumlisha mauzo ya miezi 12 iliyopita. Ukiona umefika milioni 4.5, anza kujipanga.

Kuna mtego mwingine hapa, na unawanasa hasa waliogeuza nyumba ya kupangisha kuwa gesti. Kodi ya nyumba ya kuishi haina VAT, na mtu akizoea hivyo anadhani ni vivyo hivyo kwa wageni wa siku mbili tatu. Sivyo. Msamaha huo wa sheria ni wa nyumba za makazi, na umeziacha nje hoteli na malazi ya likizo. Siku ulipoacha kupangisha kwa mwezi ukaanza kulaza wageni kwa usiku, ulitoka kwa upande usio na VAT ukaingia upande wenye VAT.

Tozo ya utalii nayo ni kitu tofauti. Inatoka kwa Sheria ya Utalii ya 2011, ni asilimia 2, na inakwenda kwa Mfuko wa Utalii, si KRA. Zamani wengi waliijua kama tozo ya wenye hoteli na mikahawa. Cha kukumbuka ni kwamba haisubiri ile milioni 5 ya VAT. Hizi ni sheria mbili, ofisi mbili na usajili mara mbili. Kuambiwa na KRA kwamba bado hujafika kiwango cha VAT si ruhusa ya kusahau Mfuko wa Utalii.

Gawa, usizidishe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, tena kwa watu waaminifu kabisa.

Mtu anajua VAT ni asilimia 16 na tozo ni asilimia 2, jumla 18. Anachukua Sh3,500, anapiga asilimia 18, anapata Sh630. Analipa hizo. Amekosea, na amejiumiza mwenyewe.

Asilimia hizo zinapigwa juu ya bei ya chumba kabla ya ushuru kuongezwa. Zile Sh3,500 alizolipa mgeni ni bei pamoja na ushuru wote. Ndani yake mna sehemu 100 za chumba, sehemu 16 za VAT na sehemu 2 za tozo. Jumla ni sehemu 118. Kwa hivyo unagawa kwa 1.18 kwanza, ndipo unapata bei ya chumba:

```
3500 / 1.18    = 2966.10   (chumba)
2966.10 x 0.16 =  474.58   (VAT)
2966.10 x 0.02 =   59.32   (tozo ya utalii)
```

Jumlisha hizo tatu, utarudi kwa Sh3,500 kamili. Hivyo ndivyo utakavyojua hesabu yako iko sawa.

Uliona kwamba VAT na tozo zote mbili zimepigwa juu ya ile Sh2,966.10? Hatukupiga tozo juu ya VAT, wala VAT juu ya tozo. Ukichukua risiti ya hoteli yoyote iliyo makini utaona mpangilio huo huo: bei ya chumba, mstari wa VAT, mstari wa tozo, halafu jumla.

Aliyezidisha alitoa Sh630 badala ya Sh534. Ni kama Sh96 za bure kwa kila usiku. Inaonekana ndogo, lakini subiri tuipige kwa mwezi mzima.

Kama umesajiliwa kwa tozo lakini hujafika kiwango cha VAT, unagawa kwa 1.02. Sh3,500 inakuwa Sh3,431.37 yako na Sh68.63 ya tozo. Usiandike VAT kwenye risiti kama hujasajiliwa. Kumtoza mgeni ushuru ambao huna ruhusa ya kuukusanya ni kosa.

Tili inasema ukweli, lakini si ukweli wote

Sasa tuingie Desemba, msimu umechangamka. Gesti yetu ya Diani imelaza usiku 150. Tarehe 3 Januari mpwa anapakua taarifa ya tili, anaona Sh404,000 zimeingia. Benki nayo inaonyesha Sh119,000 kutoka kwa tovuti ya kuweka nafasi. Jumla ni Sh523,000. Usiku 150 mara 3,500 ni Sh525,000. Zinakaribiana!

"Basi ni hizo," shangazi anasema. "Andika 523,000 tumalize."

Lakini kukaribiana huko ni bahati tu, na ukifungua kila fungu utaona makosa yaliyofichana.

Kwanza, pesa taslimu. Usiku 10 ulilipwa mkononi, Sh35,000. Haukupita kwa tili wala benki, lakini ni mauzo kama mengine. Zinaingia kwenye hesabu.

Pili, tovuti. Wageni waliolala usiku 40 waliweka nafasi mtandaoni kwa bei ile ile ya Sh3,500, yaani walilipa Sh140,000. Tovuti ilikata kamisheni ya asilimia 15, Sh21,000, ikatuma Sh119,000. Wengi huandika ile 119,000 kwa sababu ndiyo waliyoiona. Lakini mauzo yako ni bei aliyolipa mgeni, Sh140,000. Kamisheni ni gharama ya biashara na ina mahali pake, upande wa matumizi. Haipunguzi pesa inayopigiwa VAT na tozo. Hata ada ya tili iko hivyo hivyo: tumia kiasi alicholipa mgeni, si kile kilichobaki baada ya ada.

Tatu, pesa isiyo ya biashara. Ndani ya tili mna Sh12,000 alizotuma kaka yake mama kwa ajili ya dawa za mzazi wao. Alitumia tili kwa sababu ndiyo namba aliyokuwa nayo. Hizo si mauzo. Shida ni kwamba mtu wa ushuru akiangalia tili, kwake kila shilingi ni mauzo hadi umwonyeshe vinginevyo. Andika maelezo siku hiyo hiyo, na uwaambie jamaa watumie namba yako ya kawaida.

Nne, pesa iliyorudishwa. Mgeni alilipia usiku mbili mapema, Sh7,000, kisha akaghairi na akarudishiwa. Tili inaonyesha zimeingia, na kutoka kwake kuko mstari mwingine kabisa, siku nyingine. Kama ulishamtolea ankara ya eTIMS, kurudisha pesa pekee hakutoshi. Lazima utoe kredit noti kwenye eTIMS ili ile ankara ifutike. Bila hiyo, kwa KRA bado umeuza.

Tano, na hili ndilo huwashangaza wengi, malipo ya mapema. Tarehe 28 Desemba kikundi kililipa Sh35,000 kwa tili kwa usiku 10 watakaolala Januari, na gesti ikawatolea ankara siku hiyo. Je, ni mauzo ya Desemba au Januari? Kwa VAT, ushuru unadaiwa kwa lile litakalotangulia: huduma kutolewa, ankara kutolewa au malipo kupokewa, hata yakiwa sehemu tu. Hapa pesa imepokewa na ankara imetoka Desemba. Basi ni ya Desemba, ingawa shuka zao hazijatandikwa. Andika alama kwenye daftari ili wakija kulala Januari usiwahesabu tena.

Sasa tupange upya. Tili ikiondolewa zile 12,000 na zile 7,000 inabaki Sh385,000: yaani Sh350,000 za usiku 100 uliolaliwa Desemba na Sh35,000 za kikundi. Ongeza taslimu Sh35,000. Ongeza Sh140,000 za mtandaoni, bei kamili. Jumla ni Sh560,000.

Tulikuwa karibu kuandika Sh523,000. Tofauti ni Sh37,000, na tusingejua, kwa sababu pesa zilizozidi zilikuwa zimefunika sehemu ya zile zilizokosekana.

Nani anapata nini

Gawa Sh560,000 kwa 1.18. Mapato ya vyumba ni Sh474,576. VAT juu yake ni Sh75,932. Tozo ya utalii ni Sh9,492.

Yule wa kuzidisha angelipa asilimia 18 ya Sh560,000, ambayo ni Sh100,800. Angetoa Sh15,376 zaidi ya anachodaiwa, mwezi mmoja tu. Zile Sh96 ndogo ndogo zimekuwa mshahara wa mtu.

Hata hivyo VAT yote ya Sh75,932 haiendi KRA. Kwenye VAT unaruhusiwa kutoa ile uliyolipa wewe mwenyewe ukinunua vitu vya biashara. Desemba gesti ilinunua sabuni, magodoro mawili na rangi, ikalipa na stima, vyote kwa ankara za eTIMS zenye PIN ya biashara. Jumla yake ilikuwa Sh116,000 pamoja na VAT. Ndani yake VAT ni Sh16,000. Kwa hivyo ya kulipa ni Sh59,932.

Samaki wabichi walionunuliwa ufukweni kwa mvuvi hawana VAT, kwa hivyo hakuna cha kudai hapo. Fundi asiyesajiliwa kwa VAT naye vivyo hivyo. Na ankara ya zamani usiilaze kabatini: una miezi 6 ya kudai VAT iliyo ndani yake, baada ya hapo haki hiyo imekwenda.

Tozo ya utalii haina makato ya namna hii. Ni asilimia 2 ya mauzo, basi. Sh9,492 inalipwa yote.

Tarehe nazo hazilingani. Tozo ya Desemba inatakiwa kufikia tarehe 10 Januari. VAT, ritani na malipo, ni kufikia tarehe 20 Januari. Ukichelewa kufaili VAT, faini ni Sh10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea iliyo kubwa. Ukichelewa kulipa kuna asilimia 5 nyingine, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi.

Angalia neno "iliyo kubwa". Mei ikifika, mvua inanyesha Diani na pengine hulazi mtu hata mmoja. VAT yako ni sufuri. Lakini ritani bado unadaiwa, na usipoifaili faini ni ile Sh10,000. Wengi hulipishwa faini za miezi ambayo hawakuuza kitu.

Swali gumu: bei ipande?

Kabla ya kusajiliwa kwa VAT, gesti yetu ilibaki na Sh3,431 kwa kila usiku. Baada ya kusajiliwa, kwa bei ile ile, inabaki na Sh2,966. Ni Sh465 zimetoka mfukoni. Kwa usiku 120 kwa mwezi hiyo ni zaidi ya Sh55,000, ukiacha VAT utakayodai kwenye manunuzi. Ndiyo maana gesti inaweza kuwa na wageni wengi kuliko mwaka jana na bado ikakosa pesa ya mishahara.

Ili ubaki na zile Sh3,431, bei mpya ingekuwa kama Sh4,050. Kuipandisha kwa siku moja huenda kukakimbiza wageni. Mama yetu aliamua Sh3,750 kwanza, inayomwachia Sh3,178, na kudai VAT ya kila kitu anachonunua. Wewe unaweza kuamua tofauti, lakini amua kabla ya usajili kuanza, na uiandike bei mpya kwenye tovuti mapema. Mgeni aliyekwisha kulipa bei kamili humwendei tena na ombi la asilimia 16.

Na usimwahidi mgeni wa kikazi kwamba kampuni yake itarudishiwa VAT ya chumba. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu kudai VAT ya malazi. Wanachohitaji kwako ni ankara ya eTIMS ili gharama hiyo ikubaliwe kwenye vitabu vyao, na hiyo lazima uwape.

Zitenge usiku ule ule

Rudi kwa yule mgeni wa chumba namba 4. Pesa ikiingia tu, hamisha Sh534 kwenye akaunti ya akiba usiyoigusa. Akilipa taslimu, fanya vivyo hivyo kesho yake asubuhi. Kwa Desemba ya mfano wetu, malipo ya usiku 160 mara 534 ni Sh85,440. VAT na tozo zote pamoja zilikuwa Sh85,424. Pesa iko tayari, na zile Sh16,000 za VAT ya manunuzi zinarudi kwako.

Halafu mwisho wa mwezi pakua taarifa ya tili, uiweke kando ya daftari la wageni na orodha ya ankara za eTIMS. Kila usiku uliolaliwa uwe na ankara. Kila pesa iliyoingia iwe na usiku wake, au maelezo yake. Pale mambo matatu hayalingani, hapo ndipo kuna kosa, na ni heri ulione wewe kabla ya tarehe 10.

Mpwa wa Diani sasa ana safu mpya kwenye daftari. Juu yake ameandika "Si zetu". Kila usiku anaijaza 534, na shangazi yake hulipitisha jicho kabla ya kulala.